Simu za Waifai Zinapogoma au Kurudisha Mwangwi: Kutafuta Chanzo Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu unahusu huduma ambayo kampuni za simu za Marekani huiandika kwenye menyu kwa jina la Wi-Fi Calling, yaani simu ya kawaida, inayopigwa na kupokelewa kwa namba yako ya kawaida, lakini inayopita kwenye intaneti ya nyumbani badala ya kupita kwenye mnara. Hauhusu simu za WhatsApp wala programu nyingine za namna hiyo, ambazo zina njia zao na matatizo yao. Nimewaandikia hasa Waswahili wanaoishi Marekani katika nyumba za kupanga zilizo chini ya ardhi au katikati ya majengo makubwa ya zege, ambako mawimbi ya mnara hayafiki na simu zote za nyumba, pamoja na ile ya kuita gari la wagonjwa, hutegemea ruta moja iliyo juu ya kabati.

Kosa linalopoteza muda mwingi zaidi ni kuanza kubadilisha mipangilio ya ruta kabla ya kujua simu inakwama wapi. Kwa hiyo inafaa kwanza kuifahamu njia yenyewe.

Njia ambayo simu hupita

Unapowasha huduma hii, simu yako hutafuta kwenye intaneti lango la kampuni yako ya simu, kisha hufungua kati yake na lango hilo njia iliyofungwa kwa siri, ambayo mtu mwingine yeyote, ruta yako ikiwemo, hawezi kuona kilichomo. Mazungumzo ya kufungua njia hiyo huanzia kwenye mlango wa UDP 500, mlango ukiwa ni namba tu inayotenganisha aina moja ya mawasiliano ya intaneti na nyingine, na kwa kuwa karibu kila nyumba iko nyuma ya ruta inayogawana anwani moja ya intaneti, muda huohuo huhamia mlango wa UDP 4500 na kubaki hapo. Njia ikishafunguka, simu hujisajili ndani yake, na kuanzia hapo simu zinazoingia, zinazotoka na meseji za kawaida hupita humohumo.

Hii ina maana kuna vituo vitatu ambako mambo yanaweza kukwama. Cha kwanza ni akaunti yako: kampuni iwe imeruhusu huduma kwa laini yako, simu yako iwe inakubaliwa, na anwani ya dharura iwe imeandikishwa. Cha pili ni njia yenyewe: ruta au mtoa intaneti asizuie ile milango miwili. Cha tatu ni ubora wa safari baada ya njia kufunguka, na hapa ndipo penye sauti za kukatikakatika na mwangwi. Dalili za kila kituo ni tofauti, na ukizisoma vizuri hutalazimika kubahatisha.

Kwanza, hakikisha simu inapita kweli kwenye waifai

Watu wengi hulaumu waifai kwa simu ambayo kumbe ilipita kwenye mnara dhaifu. Washa hali ya ndegeni, ambayo huzima mawasiliano yote ya mnara, kisha washa tena waifai peke yake na usubiri kama dakika moja. Kwenye aifoni, ukifungua Control Center utaona neno Wi-Fi limeandikwa kando ya jina la kampuni yako ya simu. Kwenye simu nyingi za Android huonekana alama ya kipokezi cha simu chenye mawimbi ya waifai kwenye mstari wa juu wa kioo. Alama hiyo ikitokea, kituo cha kwanza na cha pili viko sawa na unaweza kuruka moja kwa moja hadi sehemu ya mwangwi. Isipotokea, endelea kusoma kwa mpangilio.

Ubaki katika hali ya ndegeni wakati wa majaribio yote yanayofuata. Ukiiondoa, simu huweza kurudi kwenye mnara kimyakimya na kukupa majibu ya uongo.

Dalili: kitufe hakipo, au kinakataa kuwaka

Kwenye aifoni kitufe hiki kimo ndani ya Settings, kisha Cellular, kisha Wi-Fi Calling. Mwenye laini mbili lazima kwanza achague laini anayoitaka, kwa sababu kila laini ina kitufe chake na anwani yake. Kwenye simu za Pixel fungua Settings, kisha Network & internet, kisha Calls & SMS. Kwenye Samsung nyingi kitufe kimo ndani ya Settings, chini ya Connections.

Kitufe kisipoonekana kabisa, tatizo haliko kwenye ruta. Ama kampuni haitoi huduma hiyo kwa aina ya malipo unayotumia, ama simu yako haimo katika orodha ya simu ambazo kampuni imezikubali. Sababu hii ya pili inawakuta sana ndugu zetu waliokuja na simu iliyonunuliwa Dubai, Nairobi au Dar es Salaam. Simu inaweza kuwa mpya, ya jina kubwa na isiyofungwa kwa kampuni yoyote, ikapata intaneti vizuri na kupiga simu za mnara bila shida, lakini ndani yake isiwe na maelekezo ya kampuni ya Marekani yanayohusu simu za waifai. Kwa Android zilizotengenezwa kwa soko la nchi nyingine, hili mara nyingi halina dawa ya nyumbani. Kabla ya kukata tamaa, bonyeza `*#06#` upate namba ya utambulisho ya simu, kisha uiingize kwenye ukurasa wa kampuni wa kukagua simu, na usome kama inataja simu za waifai mahsusi. Jibu la kwamba simu “inafanya kazi” kwenye mtandao wao halitoshi.

Kwenye aifoni, fungua Settings, kisha General, kisha About, na ukae hapo kidogo. Kama kuna maelekezo mapya ya kampuni yako, ujumbe wa kuyapokea utajitokeza wenyewe. Hatua hii ni ndogo, lakini mara nyingine ndiyo inayorudisha kitufe kilichopotea baada ya kuhama kampuni.

Kitufe kikiwepo lakini kikakataa kuwaka, au kikiwaka na kujizima, mtuhumiwa wa kwanza ni anwani ya dharura. Kampuni za Marekani hukutaka uandikishe au uthibitishe anwani halisi ya mahali ulipo kabla ya huduma kufunguliwa, na ukurasa wa anwani ukifungwa katikati, huduma hubaki imefungwa bila maelezo ya kueleweka. Kwenye baadhi ya simu za T-Mobile kosa hili huandikwa waziwazi kwenye kioo kama `REG09: Missing 911 Address`. Kwenye simu nyingine hakuna ujumbe wowote. Kitufe hurudi nyuma tu. Anwani nitaieleza kwa kina hapo chini, kwa sababu ina uzito kuliko hitilafu nyingine zote zilizomo humu.

Dalili: kitufe kimewaka, lakini alama ya waifai haitokei

Sasa tumefika kituo cha pili. Kuna jaribio moja linalookoa muda mwingi kuliko yote mengine: mwombe mtu mwenye simu ya kampuni nyingine awashe intaneti ya kugawa, yaani hotspot, wewe uunganishe simu yako kwenye waifai hiyo, huku ukiwa bado katika hali ya ndegeni. Alama ikitokea hapo, simu na akaunti yako ni nzima, na kikwazo kiko kwenye ruta yako au kwa mtoa intaneti wako. Isipotokea hata hapo, rudi kituo cha kwanza na uzungumze na kampuni ya simu; usiiguse ruta.

Kikwazo kikiwa nyumbani, anza na kilicho ndani ya simu yenyewe kabla ya ruta. Zima VPN yoyote. VPN hubadilisha mahali unapoonekana upo, na lango la kampuni linaweza kukukataa likidhani uko nchi nyingine. Zima pia programu za kuzuia matangazo zinazochuja majina ya tovuti, kwani huweza kulizuia jina la lango la kampuni. Unaweza kulikagua jina hilo kwa kompyuta iliyo kwenye waifai hiyohiyo. Kwa T-Mobile, fungua dirisha la amri, yaani Command Prompt kwenye Windows au Terminal kwenye Mac, uandike hivi:

```
nslookup epdg.epc.mnc260.mcc310.pub.3gppnetwork.org
```

Kwa AT&T jina ni `epdg.epc.att.net`, na kwa Verizon ni `wo.vzwwo.com`. Ukirudishiwa namba za anwani ya intaneti, jina linapatikana na kichujio hakina kosa. Ukiambiwa jina halipo, badilisha huduma ya majina, iliyoandikwa DNS kwenye ruta, kwa mfano uweke `8.8.8.8`, au ondoa kichujio. Usijaribu kupima lango hilo kwa ping, yaani amri inayotuma ujumbe mdogo na kupima muda wa jibu kurudi, ukidhani kimya chake ni ishara ya ubovu, kwani lango linaweza kuwa zima kabisa na lisijibu ping.

Baada ya hapo ingia kwenye ruta. Kinachotafutwa ni kitu kimoja, ruhusa ya njia ya siri kutoka ndani kwenda nje. Kwenye ruta nyingi imeandikwa IPsec Passthrough na imewekwa chini ya kichwa cha VPN Passthrough, ALG au Firewall. Iwashe. Kama umeweka kiwango cha juu cha ulinzi kinachofunga milango yote isipokuwa ya kuvinjari tovuti, ruhusu UDP 500 na UDP 4500 kwa safari za kutoka. Hakuna haja ya kufungua mlango wowote wa kuingia kutoka nje. Simu ndiyo inayoanzisha njia, na majibu hurudi kwa njia hiyohiyo. Anayekushauri ufungue milango ya kuingia au uiweke simu yako wazi nje ya kinga ya ruta anaihatarisha nyumba yako bila faida.

Hapa niseme pia juu ya ushauri uliozagaa wa kuzima SIP ALG. Kipengele hicho cha ruta hupekua mazungumzo ya simu za intaneti na kuyabadilisha njiani, na mara nyingi huyaharibu. Ni kweli kwamba kinasumbua simu za mezani za intaneti na programu za ofisini. Lakini simu ya waifai ya kampuni yako imo ndani ya njia iliyofungwa, ruta haiwezi kuisoma, kwa hiyo kuzima SIP ALG hakutaitibu. Kizime ukipenda, ila usihesabu kwamba umekwisha kutengeneza.

Kama unaishi kwenye bweni la chuo, hoteli, au jengo ambalo mwenye nyumba ndiye anayegawa intaneti, milango hiyo inaweza kuwa imefungwa na mtu ambaye si wewe. Jaribio la intaneti ya kugawa litakuwa limeshakuonyesha hivyo. Hapo andika ombi fupi kwa msimamizi, ukitaja kwamba unahitaji UDP 500 na UDP 4500 za kutoka kwa ajili ya simu za waifai, zikiwemo za dharura. Msimamizi anayeijua kazi yake ataelewa mara moja.

Dalili: unaweza kupiga, lakini wanaokupigia hawakupati

Dalili hii ina sura yake ya pekee na inafaa itambuliwe. Simu inakaa kimya kwa nusu saa, mtu anakupigia na anapelekwa kwenye ujumbe wa sauti. Wewe unapiga simu moja, na baada ya hapo wanaokupigia wanakupata kwa muda, kisha kimya tena. Sababu ni kwamba ruta huweka kumbukumbu ya kila njia iliyofunguliwa, na njia isiyo na kitu kinachopita huifuta baada ya muda mfupi ili kupunguza mzigo. Simu hutuma vipakiti vidogo vya kuiweka njia hai, lakini ruta yenye haraka ya kufuta, au simu iliyobanwa sana kutunza betri, huifanya njia ife kimyakimya.

Ondoa kwanza hali ya kubana betri kwenye simu. Kisha, kama ruta yako inaonyesha muda wa kuhifadhi njia za UDP, uongeze hadi dakika kadhaa. Kama haionyeshi, sasisha programu ya ndani ya ruta na uiwashe upya. Ikiwa una ruta mbili zilizofuatana, ya mtoa intaneti na yako mwenyewe, ifanye ya kwanza ibaki modemu tu, kwani kumbukumbu mbili zinazofutwa kwa nyakati tofauti huongeza uwezekano wa njia kufa.

Dalili: mwangwi

Mwangwi una kanuni moja inayowashangaza wengi: anayesikia sauti yake mwenyewe ikirudi si mwenye simu yenye kasoro. Sauti yako imefika upande wa pili, imetoka kwenye spika ya mwenzako, ikaingia tena kwenye maikrofoni yake, na ndiyo inayokurudia. Kwa hiyo ukisikia mwangwi, chunguza simu ya mwenzako. Na wewe ukiambiwa “najisikia mwenyewe”, chunguza simu yako. Spika ya nje yenye sauti kubwa, kasha nene linaloziba maikrofoni, au vifaa vya masikioni vya bei nafuu ndivyo visababishi vya kawaida.

Lakini kuna jambo la pili, nalo ndilo linaloihusisha waifai. Mwangwi kidogo upo karibu katika kila simu, ila ukirudi haraka sana sikio huuchukulia kuwa sauti yako ya kawaida. Unaanza kukera pale unaporudi ukiwa umechelewa. Mwongozo wa ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, unapendekeza sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka mdomoni hadi sikio la pili, na unaweka 400 kuwa kikomo. Kwa hiyo ruta inayoichelewesha sauti haitengenezi mwangwi, bali inaufichua ule uliokuwepo.

Nichukue mfano wa dada mmoja wa Columbus, Ohio, anayeishi na wanawe kwenye nyumba iliyo nusu chini ya ardhi. Humpigia mama yake Mwanza saa tatu usiku, ambayo wakati wa baridi ni saa kumi na moja alfajiri kwa Mwanza, mama akiwa ameshaamka. Kila usiku alilalamika kwamba maneno yake yanamrudia, na mama naye alikuwa akimwambia, “Mwanangu, unaongea kisha unanyamaza, nikianza kujibu unanikatiza.” Simu hiyohiyo ikipigwa saa nne asubuhi siku ya mapumziko haikuwa na shida. Kasi ya intaneti aliyoipima ilikuwa nzuri, naye akaamini kosa ni la kampuni ya simu.

Tofauti ya asubuhi na usiku ndiyo iliyotoa jibu. Nilimwomba aweke kompyuta karibu na ruta, aandike amri hii mchana nyumba ikiwa tulivu, kisha airudie usiku:

```
ping -n 50 8.8.8.8
```

Kwenye kompyuta za Mac herufi n hubadilishwa kuwa c. Mchana majibu yalirudi kwa milisekunde ishirini na kitu. Usiku yalipanda hadi zaidi ya 600, yakashuka, yakapanda tena. Wakati huo simu za watoto zilikuwa zimeunganishwa kwenye chaja na zinapakia picha na video za siku nzima kwenye hifadhi ya mtandaoni. Intaneti yake ilikuwa na kasi kubwa ya kupakua lakini ndogo sana ya kupakia, megabiti 10 kwa sekunde, na modemu ilikuwa ikizipanga video hizo kwenye foleni ndefu ambayo sauti yake nayo ililazimika kuisubiri.

Sauti yenyewe haihitaji kasi kubwa. Hutumwa kama vipakiti 50 kwa sekunde, na hata ukijumlisha ufungaji wa siri, haifiki megabiti moja. Ndiyo maana kununua kifurushi kikubwa zaidi si jibu la kwanza. Tatizo ni foleni. Kwenye ruta yake kulikuwa na kipengele kilichoandikwa QoS chenye chaguo la SQM. Tulikiwasha na kuweka kikomo cha kupakia kuwa megabiti 9, yaani asilimia 90 ya kasi halisi, ili foleni ijengeke ndani ya ruta inayojua kuipa nafasi mizigo midogo badala ya kujengeka kwenye modemu. Ping ya usiku ikashuka chini ya 50 hata watoto wakiwa wanapakia. Kukatizana kukaisha palepale, ila mwangwi ukabaki kwa mbali. Aliyeumaliza ni mama, alipoombwa aondoe spika ya nje na kuishika simu sikioni.

Ruta isiyo na SQM inaweza kuwa na QoS ya kawaida, ambayo inakuruhusu kukipa kifaa kimoja kipaumbele au kuweka kikomo cha kasi ya kupakia. Ikikosekana yote, ahirisha kupakia kwa picha hadi usiku wa manane. Zingatia pia kwamba simu kama hii ya kwenda Tanzania hutozwa kama simu ya kimataifa kutoka Marekani, hata ikiwa imepita kwenye waifai, isipokuwa kifurushi chako kinaijumuisha.

Sauti inayokatikakatika au ya upande mmoja

Sauti ikipotea vipande bila mwangwi, shuku mawimbi ya waifai yenyewe. Simu za sauti zinahitaji mawimbi yenye nguvu kuliko kuvinjari; wataalamu hulenga -67 dBm au bora zaidi, yaani namba iliyo karibu zaidi na sifuri. Sogea hadi chumba chenye ruta na upige tena. Sauti ikitulia, hamisha ruta au tumia mawimbi ya 5 GHz ukiwa karibu nayo. Ukilazimika kutumia 2.4 GHz, chagua chaneli ya 1, 6 au 11, kwa sababu hizo tatu haziingiliani. Kipengele cha WMM kiache kimewashwa. Ndicho kinachoipa sauti nafasi ya mbele hewani, na kuna watu hukizima kwa kudhani kinapunguza kasi.

Simu ikikatika unapotoka mlangoni, waifai haina kosa kubwa. Simu inatakiwa kuhamia kwenye mnara bila kukatika, na hilo huwezekana tu kama huduma ya VoLTE, yaani simu za sauti zinazopita kwenye mtandao wa 4G, imewashwa kwenye laini yako na mnara unafika pale unapotokea.

Anwani ya dharura

Unapopiga 911, simu yako hujaribu kwanza kupita kwenye mnara wowote unaopatikana. Mnara usipopatikana, simu inaweza kupita kwenye waifai, na hapo anwani uliyoiandikisha inaweza kuwa ndiyo inayomfikia mpokeaji wa simu za dharura. Simu nyingi za kisasa hutuma pia mahali zilipo, lakini ndani ya nyumba ya chini ya ardhi kipimo hicho kinaweza kuwa hafifu, na hakitaji ghorofa wala namba ya mlango. Mtu aliyepigwa na kiharusi, au mtoto asiyeweza kueleza mtaa kwa Kiingereza, anategemea maandishi hayo.

Tatizo ni kwamba anwani hiyo haibadiliki yenyewe unapohama. Kubadilisha anwani ya bili hakutoshi, kwani hiyo huhifadhiwa mahali pengine. Yule dada wa Columbus, tulipofungua ukurasa wake, tulikuta bado imeandikwa nyumba aliyoihama, iliyo upande mwingine wa jiji, ingawa bili zilikuwa zinafika mahali sahihi.

Kwenye aifoni fungua Settings, Cellular, Wi-Fi Calling, kisha Update Emergency Address. Kwenye Android tafuta maneno Emergency address ndani ya ukurasa uleule wa Wi-Fi Calling. Kampuni nyingi huruhusu pia kuibadilisha kwenye akaunti yako ya mtandaoni. Andika namba ya jengo na jina la mtaa kwenye mstari wa kwanza, na namba ya nyumba yako ndani ya jengo kwenye mstari wa pili. Sanduku la posta halikubaliki, kwa sababu gari la wagonjwa haliendi posta.

Mfumo ukikataa anwani, kwa kawaida ni kwa sababu maandishi yako hayalingani na orodha ya mitaa inayotumiwa na huduma za dharura. Ondoa namba ya nyumba yako ndani ya jengo kwenye mstari wa kwanza, andika mtaa kama unavyoonekana kwenye tovuti ya posta ya Marekani pamoja na kifupi chake, mathalani St au Ave, na uhakikishe mwelekeo kama N au E haukusahaulika. Majengo mapya hayamo katika orodha wakati mwingine. Hapo piga simu kampuni ikuandikishie, na usikubali kuweka anwani ya jirani ili kitufe kiwake tu. Ukisafiri ndani ya Marekani na kukaa mahali kwa muda ukitegemea waifai ya huko, badilisha anwani kwa kipindi hicho.

Usipige 911 kwa ajili ya kujaribu. Ukiipiga kwa bahati mbaya, usikate. Baki kwenye simu na umweleze mpokeaji kwamba hakuna dharura, la sivyo anaweza kulazimika kukupigia tena au kutuma askari.

Fanya ukaguzi huu kwa kila laini ya familia, pamoja na simu ya pili iliyo kwenye droo na saa au tableti inayopiga simu, kwa sababu kila kimoja kinaweza kuwa na anwani yake. Ikiwa ndani ya nyumba mna mzee au mtoto, waandikie anwani kamili kwenye karatasi na ibandikwe karibu na ruta, ili mpokeaji akiuliza waisome kama ilivyo.